PS4 yako inanguruma? Anza na hewa, kisha vumbi

Mechi imenoga, dakika ya 70, mara PS4 inaanza kunguruma kama bodaboda inayopanda mlima. Wengi watasema, "Feni imekufa hiyo." Mara nyingi feni ni nzima kabisa. Mashine imehisi chipu inapata moto, kwa hiyo inaizungusha feni kwa kasi zaidi.

Tupige hesabu kidogo. PS4 ya kwanza ikiwa kwenye gemu nzito hula kama wati 140, na karibu umeme wote huo huishia kuwa joto. Tuseme feni inapitisha lita 10 za hewa kwa sekunde. Hewa ikiingia na nyuzi 30, itatoka na nyuzi 42 hivi. Hapo hakuna shida.

Sasa iweke ndani ya kabati la tivii. Ile hewa ya nyuzi 42 inakosa pa kutokea, inazunguka na kuvutwa tena ndani, wakati mtengenezaji anataka hewa inayoizunguka mashine isizidi 35. Na feni haitengenezi baridi, inasukuma hewa tu. Hewa ikiingia ya moto, chipu nayo inapanda.

Vumbi nalo lina njia yake. Hupita kwenye feni na kunasa kwenye mapezi membamba ya chuma yanayopooza chipu, likajishindilia kama sufi ya mto. Hewa ikipungua hadi lita 5, joto inalobeba linakuwa maradufu: inaingia na 30, inatoka na 53.

Utajuaje tatizo ni lipi? Toa mashine kabatini, iweke juu ya meza (si kwenye zulia), nyuma iachie kama sentimita 10 au zaidi, kisha cheza gemu ileile kwa dakika 20. Kelele ikipungua, shida ilikuwa mahali. Ikibaki vilevile, au ikinguruma hata ukiwa kwenye menyu tu, shuku vumbi. Sauti ya kukwaruza au kugonga ni kitu kingine: hapo feni yenyewe ndiyo mbovu.

Kusafisha: zima kabisa, chomoa waya wa umeme, acha ipoe. Vumbi la kwenye matundu ya nje litoe kwa brashi laini na kavu. La kwenye mapezi huwa halitoki mpaka mashine ifunguliwe. Kama hujawahi kufungua, mpe fundi. Anapopuliza kwa bloa, azuie mapanga ya feni kwa kidole, maana yakizungushwa kasi kupita kiasi beringi huharibika.

Mashine imeshasafishwa, iko mahali pa wazi, na bado inanguruma? Mwambie fundi aangalie pesti iliyo kati ya chipu na chuma cha kupoozea. Ikikauka, joto halivuki vizuri kutoka kwenye chipu, hata feni ipige kelele kiasi gani.