Kamera Tatu, Sauti Moja: Kuhariri Onyesho la Taarabu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza mahali pa kuweka kamera ukumbini. Sasa onyesho limekwisha, watu wamekwenda zao, na mhariri amebaki na picha za kamera tatu na faili moja la sauti. Kamera ya kwanza ilikuwa chini ya jukwaa upande wa kushoto, ikimwelekea mwimbaji. Ya pili ilikuwa kulia, karibu na kanuni na mafidla. Ya tatu ilisimama nyuma ya ukumbi, mita 28 kutoka kwenye spika, ikiona jukwaa zima pamoja na wasikilizaji. Sauti safi iliingia kwenye rekoda iliyounganishwa na miksa. Kila kifaa kiliwashwa kwa wakati wake, kwa hiyo hakuna mwanzo mmoja wa kuvifananisha.

Kinachoviunganisha ni kwamba vyote vilisikia onyesho moja. Ndiyo maana hatuzimi kamwe maikrofoni ya kamera, hata kama sauti yake haitatumika. Programu ya kuhariri huchora kila sauti kama wimbi: palipo na kelele linapanda, palipo na kimya linalala. Kisha huchukua wimbi la kamera na kulisogeza kidogo kidogo juu ya wimbi la rekoda, na kila hatua hupima ni kwa kiasi gani mawili hayo yanapanda na kushuka pamoja. Panapolingana kuliko kwingine kote ndipo faili linapowekwa. Katika DaVinci Resolve unachagua mafaili yote, unabonyeza `Create New Multicam Clip Using Selected Clips`, na penye `Angle Sync` unachagua `Sound`. Kazi ambayo zamani ilimchukua mtu nusu ya siku huisha kabla chai haijapoa.

Kwa kuwa ni ya haraka hivyo, wengi huiamini bila kuikagua. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia, hasa kwenye muziki. Mpiga dumbaki akishika mdundo wake, wimbi linajirudia lenyewe kila baada ya sekunde chache. Kipande kifupi cha picha chenye mdundo huo tu kinaweza kulingana vizuri na mahali pasipo pake, mzunguko mmoja mbele au nyuma. Mhariri ataona mawimbi yamelala sawasawa kabisa, ilhali mkono wa mpigaji unaonyesha mapigo mengine. Kinga yake ni kuacha kamera zirekodi mfululizo, tangu kabla mshereheshaji hajasema neno. Maneno ya mtu hayana mzunguko, kwa hiyo wimbi la salamu zake huipa programu alama isiyofanana na nyingine.

Kukagua nako ni kwa sikio. Fungua sauti ya rekoda na ya kamera moja kwa pamoja. Ukisikia mwangwi, neno likijirudia nyuma ya neno, mambo hayajakaa sawa. Zikiwa karibu sana, sauti mbili huwa moja, yenye uwazi fulani kana kwamba inapita ndani ya bomba. Fanya hivyo mwanzoni mwa onyesho, halafu uende ukafanye vilevile mwishoni kabisa.

Mwishoni ndiko tulikokuta jambo katika onyesho hili. Kamera ya kwanza ilianza sawa, lakini baada ya saa mbili ilikuwa imeachana na rekoda kwa fremu tano. Tunarekodi fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni sekunde 0.04, na tano ni sekunde 0.2. Chanzo ni kwamba kila kifaa kina saa yake ndani, na hakuna mbili zinazokwenda sawa kabisa. Sekunde 0.2 katika saa mbili ni tofauti ndogo mno, chini ya sehemu 30 katika milioni, lakini jicho hulikataa tamko la mwimbaji linalotangulia midomo yake. Tofauti ya namna hii hukua polepole. Ukiona imetokea ghafla, tafuta kwingine: kamera nyingi hukata faili linapofika ukubwa wa GB 4, na huenda fremu kadhaa zimepotea kwenye maungio.

Dawa niipendayo ni kuikata picha ya kamera hiyo kila wimbo unapoisha, wakati wa makofi, na kuilinganisha upya mwanzoni mwa wimbo unaofuata. Wimbo wa dakika 12 ni sehemu ya kumi ya saa mbili, kwa hiyo ndani yake picha itahama nusu fremu tu. Sauti ya miksa haiguswi.

Kamera ya tatu ina habari nyingine. Kwenye joto la pwani sauti husafiri kama mita 350 kwa sekunde. Kuzivuka mita 28 kunaichukua sekunde 0.08, yaani fremu mbili. Mwanga haucheleweshwi hivyo. Basi kamera hiyo iliona upinde wa fidla ukigeuka, na maikrofoni yake ikausikia fremu mbili baadaye. Programu ikililinganisha wimbi lake na la rekoda, inavuta faili lote nyuma kwa fremu mbili, na picha inatangulia sauti. Mawimbi yamelingana kikamilifu na bado picha si sahihi, kwa sababu wimbi linaonyesha sauti ilipofika kwenye maikrofoni, si ilipotoka kwenye chombo.

Je, mtazamaji ataona? Pendekezo BT.1359 la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano linasema watu huanza kugundua sauti inapotangulia picha kwa milisekunde 45, au inapochelewa kwa milisekunde 125. Sisi tuko kwenye 80 za kuchelewa, chini ya kiwango. Hata hivyo mimi hurekebisha, maana ukikata kutoka kamera ya pili kwenda ya tatu katikati ya mvuto wa fidla, upinde unaruka. Tenganisha picha na sauti yake, usogeze picha mbele fremu mbili, na sauti uiache pale pale. Utaihitaji kwa chini kwa chini, kwa ajili ya vigelegele ambavyo miksa haikuvisikia.

Sasa kuchagua picha. Kwanza fungia sauti kwenye rekoda, ili kubadili kamera kusibadili sauti. Kisha cheza wimbo mzima huku ukibonyeza namba 1, 2 na 3 kwenye kibodi kama unayeongoza matangazo ya moja kwa moja. Vidole vitachelewa: kutoka kuona hadi kubonyeza hupita kama robo sekunde, karibu fremu sita. Kwa hiyo mikato yako yote imechelewa kwa namna moja, na ukiirudisha nyuma fremu sita utashangaa jinsi mingi inavyokaa mahali pake.

Kwa mwimbaji, kata anapovuta pumzi, kabla ya neno la kwanza la ubeti. Ukisubiri neno, mtazamaji anasikia mtu asiyemwona. Kukata kwa kufuata kila pigo la dumbaki kunachosha haraka, na taarabu haina haraka hiyo. Ala zikijibu ubeti, nenda kwenye kanuni au fidla, ukae hadi jibu liishe.

Wakati wa kutunza ndio mgumu zaidi. Katika ubeti wa tatu mama mmoja aliinuka kitini na noti mkononi. Kamera ya tatu peke yake ndiyo iliyomwona akianza. Nilipobaki kwa mwimbaji hadi noti ilipofika, ulionekana mkono tu ukitokea pembeni, hauna mwenyewe. Nikarudi, nikaikatia kamera ya tatu mara alipoinuka, nikaiacha imfuate hatua zake zote akicheza kuelekea jukwaani, na nikahamia ya kwanza alipounyanyua mkono.