Maji Magumu Hula Sabuni

Mama anayefua nguo kwa maji ya kisima huko Nakivale, na mwenzake anayefua kwa maji ya mvua mjini Mbarara, huenda wakakata sabuni kutoka mche mmoja na bado wasipate povu sawa. Mmoja ataona povu jingi upesi, na wa pili ataona utando wa kijivu ukielea juu ya beseni na kung'ang'ania nguo. Wengi huilaumu sabuni, lakini yafaa kwanza yachunguzwe maji.

Mvua inapoanguka huwa laini. Ikipenya udongoni hukusanya hewa ya kaboni, ikawa asidi hafifu, na asidi hiyo huyeyusha chumvi za kalsiamu na magnesiamu zilizomo katika mawe. Chumvi hizo ndizo ugumu wa maji. Mto Rwizi, unaounywesha mji wa Mbarara, hupokea maji mengi ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi. Maji ya kisima kirefu hukaa muda mrefu ndani ya miamba, na kwa kawaida hutoka yakiwa magumu zaidi. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960, watu hutumia maji ya ziwa na ya visima pia. Basi kila chanzo kipimwe peke yake.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Twaa chupa tatu zinazofanana. Ya kwanza itie maji ya mvua, ya pili maji ya kisima, ya tatu maji ya kisima hicho hicho yaliyochemshwa, yakapoa na kuchujwa. Yeyusha kipande cha sabuni katika maji ya mvua, kisha tia matone machache ya sabuni hiyo katika kila chupa, ukiitikisa na kuhesabu, mpaka povu lidumu dakika moja. Chupa inayodai matone mengi ndiyo yenye maji magumu. Ikiwa maji yaliyochemshwa yametosheka kwa matone machache, ugumu wake ni wa muda. Ikiwa yamedai karibu sawa na yasiyochemshwa, ugumu wake ni wa kudumu.

Sabuni hupotea kwa sababu haiwezi kutoa povu wala kusafisha kabla haijashikana na kalsiamu yote na kugeuka utando ule wa kijivu. Tuchukue mfano wa dumu la lita 20 lenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita, ukihesabiwa kama kabonati ya kalsiamu. Maji hayo ni magumu sana. Yatameza gramu 36 hivi za sabuni kabla ya kuanza kusafisha. Kwa madumu 27, karibu kilo nzima imepotea. Ugumu ukiwa miligramu 50 tu, dumu hilo hilo humeza gramu 6.

Kuchemsha huondoa ugumu wa muda, kwa kuwa hewa ya kaboni hutoroka na kalsiamu hutuama kama chokaa. Chokaa hiyo ndiyo gamba jeupe la ndani ya birika. Gamba likinenepa huzuia moto usifike majini upesi, na kuni huongezeka. Liondolewe kwa siki au maji ya limau: viputo vikitoka, jua kwamba ni chokaa inayeyuka. Kwa birika la alumini, asidi isikae muda mrefu.

Hapa tuwatahadharishe wasomaji juu ya shabu. Shabu hukusanya matope na kuyafanya maji yang'ae, lakini hailainishi. Sehemu ya ugumu wa muda huigeuza kuwa wa kudumu, ambao hauondoki kwa kuchemsha. Maji meupe, basi, si lazima yawe laini.

Ugumu wa kudumu huondolewa kwa soda ya kufulia. Kwa dumu la mfano wetu, gramu 6 hadi 7 za soda kavu, yaani kijiko cha chai kilichojaa, zatosha. Koroga, ngoja nusu saa, kisha mimina maji ya juu na kuacha machicha. Asiye na soda aloweke majivu safi ya kuni katika maji, ayaache yatuame, na kutia maji yake ya juu kidogo kidogo, akijaribu kwa sabuni hadi povu litokee. Maji ya soda au ya majivu ni ya kufulia tu; hayanywewi, na yakizidi huchubua mikono.

Ugumu wenyewe haumdhuru mnywaji, na kulainisha maji hakuui vijidudu. Ya kunywa yachemshwe vilevile. Na misimu ya mvua ifikapo, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, maji ya paa yatengwe kwa kufulia: hayo yamekwisha kulainishwa bila soda wala kuni.