Gari la taka linapiga wimbo gani?

Jioni katika mitaa ya Taipei, kisiwani Taiwan, watu hutoka nje na mifuko ya taka mara wasikiapo muziki. Kwa kawaida taka haziachwi kando ya barabara, kila mtu humtupia garini mwenyewe, hivyo muziki wa kipaza sauti ndio kengele yao. Gari hurudia kipande kilekile mtaa hadi mtaa, na mgeni hulala nacho kichwani bila kujua ni wimbo gani.

Wengi hukimbilia Shazam, nayo mara nyingi haioni kitu. Programu hiyo hutafuta rekodi fulani: hupima sehemu za sauti zenye nguvu zaidi, kisha huzilinganisha na za rekodi zilizohifadhiwa. Muziki uliotengenezwa na chipu ya bei nafuu unaweza kuwa na nota zilezile za wimbo maarufu, lakini haufanani na rekodi yoyote.

Hapo tafuta kwa mwendo wa sauti. Mwingereza Denys Parsons alichapisha mwaka 1975 kamusi ya nyimbo iliyopangwa kwa njia rahisi ajabu: kila nota hulinganishwa na iliyotangulia tu. Ikipanda, andika u, ikishuka, d, ikibaki palepale, r. Nota ya kwanza ni nyota. Tovuti ya Musipedia inapokea maandishi hayo.

Chukua kipande kimojawapo cha magari ya Taiwan. Kinaanza kwa nota mbili jirani zinazopishana: chini, juu, chini, juu. Kisha inashuka sana, inapanda, inashuka, inashuka tena. Nota tisa hizo zinaandikwa hivi:

```
*dudududd
```

Uzuri wake ni kwamba kasi ya gari haikuharibii kazi. Gari likikupita, sauti yote hushuka kidogo, lakini uhusiano wa nota na jirani yake haubadiliki. Kinachoharibu ni kuanza katikati. Kwa kuwa kipande kinazunguka, subiri kimya kifupi kati ya mizunguko, kisha anza kuhesabu. Nota tano au sita hazitoshi kwa sababu nyimbo nyingi mno huanza hivyo. Ukifika kumi na tano orodha hupungua sana.

Katika majibu angalia „Für Elise” ya Beethoven, aliyoitunga mwaka 1810. Thibitisha kwa masikio: katika rekodi ya piano, baada ya nota tisa zile hufuata nne zinazopanda moja baada ya nyingine. Gari likifanya hivyo, umeupata. Lisipofanya hivyo, huenda ulilisikia lile linalopiga wimbo mwingine wa huko, „Sala ya Mwanamwali” ya Tekla Bądarzewska wa Poland, uliochapishwa Warsaw mwaka 1856.