Moto Uliokuwa Kwenye Jalada Tu

Katika msimu wa Hija uliopita, mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, alifika ofisini kwetu akiwa ameishika simu yake kwa mikono miwili. "Wanangu, nitazamieni hii," alisema. "Mzee wangu yuko Mina, na tangu alfajiri simu yake haipatikani."

Kwenye kioo ilionekana picha ya jalada ya video ya YouTube, yaani ile picha ndogo ambayo mtazamaji huiona kabla ya kuifungua video. Mahema meupe yalikuwa yakiteketea, moshi mweusi umetanda, na pembeni uso wa mwanamke analia. Jamaa walikwisha kuisambaza kwenye kundi la familia. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kuifungua.

Ndugu msomaji, picha ya jalada si lazima itoke ndani ya video. Mwenye video huruhusiwa kupakia picha aliyoitengeneza mwenyewe. Njia iliyozoeleka ni kuchukua fremu moja, yaani taswira moja tuli kati ya zile nyingi zinazofuatana hadi tukaona mwendo, kisha kuibandika mambo yasiyokuwamo. Hata hivyo, mtandao huo nao huchukua fremu tatu kutoka ndani ya video, karibu na robo, nusu na robo tatu yake, na kuzihifadhi. Hizo si kazi ya mkono wa mwenye video.

Kuziona si kazi ngumu. Kila video ina kitambulisho cha alama 11, ambacho katika anwani yake hufuata baada ya `v=`. Tulikinakili, tukakiweka mahali pa neno KITAMBULISHO katika anwani hizi:

```
https://i.ytimg.com/vi/KITAMBULISHO/hqdefault.jpg
https://i.ytimg.com/vi/KITAMBULISHO/hq1.jpg
https://i.ytimg.com/vi/KITAMBULISHO/hq2.jpg
https://i.ytimg.com/vi/KITAMBULISHO/hq3.jpg
```

Ya kwanza ilituletea jalada lenyewe, lenye moto. Ya pili ilionesha mtu ameketi mezani akizungumza. Ya tatu ilionesha mahema ya Mina chini ya anga safi, na ya nne mahujaji wakitembea njiani. Moto haukuwamo.

Hatukuishia hapo, kwa kuwa fremu tatu si video nzima. Video ile ilikuwa ya dakika 8. Kwa fremu 25 kila sekunde, ndani yake mna fremu 12,000, na moto wa sekunde kumi ungeweza kupita katikati ya zile tatu bila kuonekana. Basi tuliifungua kwenye kompyuta, tukausogeza mstari wa muda polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, tukitazama vijipicha vinavyojitokeza juu yake. Karibu na nusu ya video tuliisimamisha, tukasogea fremu moja moja: kitufe cha nukta hupeleka mbele, na cha koma hurudisha nyuma.

Hapo ndipo tulipoipata fremu iliyozaa jalada. Basi lilikuwa lile lile, na mtu mwenye mwavuli alikuwa pale pale, mguu wake mmoja ukiwa hewani. Tulipoziweka picha mbili sambamba, ubandikaji ulijifichua. Katika jalada moshi ulikuwa umeliziba jua, lakini vivuli vya watu ardhini vilikuwa bado vikali kama vya adhuhuri. Miale ya moto haikutia wekundu wowote kwenye hema la jirani. Ule uso wa mwanamke haukuwamo mahali popote katika dakika zote 8.

Tuweke mpaka wa jambo hili. Kuongeza mwanga, kukata kingo au kuandika maneno juu ya picha si udanganyifu. Tunachokitafuta ni tukio lililoongezwa. Wapo pia wanaoitia picha waliyoitengeneza ndani ya video kwa sekunde moja, ili ionekane kwamba imo. Vilevile, jalada likilingana na fremu, tumejua tu kwamba halikusema uongo kuhusu video. Hatujajua kama video yenyewe ni ya mwaka huu, wala kama ni ya mahali inapopataja.

Kwa sababu hiyo hatukumwambia mama yule kwamba Mina kuko salama. Tulimwambia kwamba picha hii haimpi habari yoyote ya Mina. Alitikisa kichwa, akaomba tumtumie zile picha mbili zikiwa sambamba, naye akazipeleka kwenye kundi la familia. Baada ya Magharibi alitupigia: mzee alikuwa amepata mahali pa kuchaji simu.