Nyumba ya baba, ada ya watoto

"Nyumba yangu ya Kihonda nampa dada yangu, ili awasomeshe wanangu wawili." Baba kijana huandika sentensi ya namna hii kwa nia njema kabisa, akakunja karatasi, akalala. Kasoro yake huonekana siku yeye hayupo. Maneno yenye nguvu hapo ni "nampa dada yangu", kwa hiyo nyumba inakuwa ya dada. Hilo la kusomesha linaweza kuchukuliwa kuwa ombi tu. Dada naye akifariki, nyumba itaingia kwenye mirathi yake, na watoto wa kaka yake watabaki kusimulia.

Tumchukue baba wa mfano: fundi umeme wa Morogoro, miaka 34, ana mke, binti wa miaka 7 na mvulana wa miaka 4. Uani ana vyumba vitatu vya kupangisha, kila kimoja shilingi 80,000 kwa mwezi. Vikijaa mwaka mzima, vinaingiza 2,880,000. Binti anasoma shule binafsi ya 1,200,000 kwa mwaka, na mdogo wake atamfuata. Wakisoma wote wawili, ada ni 2,400,000, zinabaki 480,000 za kuziba bati linalovuja na gharama nyingine za nyumba. Chumba kimoja kikikaa wazi miezi mitatu, 240,000 zimekwenda. Hesabu inatosha, ila kwa shida. Ndiyo maana miaka hii ya mwanzo, ambapo anayelipiwa ni mmoja, kinachobaki kiwekwe benki badala ya kuliwa.

Kosa jingine ni kutaja kiasi: "atoe 1,200,000 kila mwaka". Shule ikipandisha ada, wosia umeachwa nyuma. Ataje chanzo, yaani kodi ya vyumba, na kazi yake.

Mimi ningemshauri pia atenganishe mikono miwili. Anayelala na watoto nyumba moja asiwe ndiye pekee anayeshika fedha zao. Shangazi anaweza kuwa mlezi mzuri sana na bado akaelemewa na wanawe mwenyewe ifikapo Januari. Mjomba mwenye daftari la hesabu akusanye kodi na kulipa shuleni moja kwa moja. Baada ya hapo wosia hauhitaji maneno mengi:

"Nyumba na vyumba vyangu vya Kihonda, kwa sehemu iliyo yangu, nawaachia wanangu wote, pamoja na nitakayemzaa baadaye. Namteua shemeji yangu kuwa msimamizi. Kodi ya vyumba ilipe ada, sare na vitabu, kinachobaki kiwekwe akaunti ya watoto. Nyumba isiuzwe mpaka wa mwisho amalize kidato cha sita au afike miaka 21. Mama yao asipokuwepo, mlezi wao awe dada yangu. Akishindwa, mdogo wangu."

Majina kamili yaandikwe, bila shaka. Angalia "kwa sehemu iliyo yangu": nyumba iliyochumwa na wawili ina jasho la mke ndani yake, na mume hawezi kuusia kisicho chake. Angalia pia "mama yao asipokuwepo". Mama akiwa hai, watoto ni wake kulea, na wosia haumpokonyi. Hata akiwa hayupo, mahakama ikiona mlezi aliyetajwa hawafai watoto, itatazama maslahi yao kwanza. Kwa hiyo dada aulizwe mapema kama yuko tayari, asije akasoma jina lake msibani.

Kwa wosia wa kimila Tanzania Bara, unaoongozwa na Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, baba anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, nao wawe wanajua kusoma na kuandika: mmoja wa ukoo, mwingine mtu baki. Asiyejua anahitaji wanne, wawili kwa wawili. Anayepata kitu kwenye wosia asiwe shahidi. Fundi wetu amwite binamu yake na jirani, atie saini na tarehe mbele yao, nao watie zao.

Kama mirathi yake inafuata sheria ya Kiislamu, mambo hubadilika: mafungu ya warithi yamekwisha kupangwa, wasia hauvuki theluthi, na watoto, kwa kuwa ni warithi, hawaongezewi kwa wasia. Anachobaki nacho, nacho ni kikubwa, ni kumteua wasii wa kuwatunzia watoto fungu lao.

Karatasi yenyewe isifichwe chini ya godoro. RITA hupokea na kuhifadhi wosia. Nakala abaki nayo shemeji. Siku ikifika, shemeji huyo hatakwenda kwa wapangaji na karatasi mkononi kudai kodi. Ataanzia mahakamani, athibitishwe kuwa msimamizi, na baadaye arudi huko na orodha ya mali na hesabu ya kodi, pamoja na stakabadhi za ada.