Tola Moja ni Gramu Ngapi?

Kwenye masoko ya dhahabu ya Karachi, bei bado hutajwa kwa tola, ingawa mizani ya sonara huonyesha gramu. Tola kamili ni gramu 11.664, kipimo kilichowekwa na serikali ya Waingereza huko India mwaka 1833. Ukivuka mpaka ukafika Mumbai, jihadhari: wauzaji wengi siku hizi wakisema tola wanamaanisha gramu 10 tu.

Tofauti hiyo si ndogo. Chukua mkufu unaoambiwa ni tola mbili na nusu. Kwa tola kamili, zidisha 2.5 kwa 11.664, utapata gramu 29.16. Kwa tola ya gramu 10, mkufu huo ni gramu 25. Zimepungua gramu nne na ushei, uzito wa pete nzima. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumza bei, muulize sonara tola yake ni gramu ngapi, kisha mwombe aweke mkufu kwenye mizani mbele yako na uzito huo uandikwe kwenye risiti kwa gramu.

Ukitaka kulinganisha maduka, gawa bei ya tola kamili kwa 11.664 upate bei ya gramu moja. Hakikisha tu bei zote ni za karati ileile, maana gramu 29.16 za karati 22 zina dhahabu safi kama gramu 26.7. Mawe nayo yapimwe kando, yasilipiwe kama dhahabu.