Zabuni ya Watatu, Deni la Nani?

Mkataba wa kujenga Bwawa la Julius Nyerere, uliosainiwa Desemba 2018, ulikwenda kwa ubia wa kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Makandarasi wadogo nao hutumia njia hiyohiyo: mmoja ana greda lakini hana mafundi wa zege, mwingine ana mafundi bila mitambo, basi wanaomba zabuni kwa pamoja.

Ndani ya zabuni huambatanishwa makubaliano ya ubia, au ahadi ya kuyasaini wakishinda, pamoja na hati inayompa mbia kiongozi mamlaka ya kuwawakilisha wenzake. Humo ndimo wanamoandika nani atafanya nini. Kuna sharti moja, hata hivyo, ambalo wengi hulipita haraka: kwa kawaida wabia huwajibika kwa mwajiri kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maana yake, mmoja akishindwa, mwajiri ana haki ya kumdai yeyote kati yao kazi yote au fidia yote, hata kama fungu lake lilikuwa dogo.

Tuchukue mfano wa barabara ya shilingi milioni 600. Kampuni ya kwanza inafanya kazi ya udongo kwa milioni 300, ya pili makalvati kwa milioni 180, ya tatu mitaro kwa milioni 120. Mitaro inachelewa siku 40. Ikiwa mkataba unatoza asilimia 0.1 ya thamani yake kwa kila siku, makato yanafika milioni 24.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Makubaliano yakisema tu kwamba hasara itagawanywa kwa hisa, mwenye greda atabeba milioni 12 kwa kosa lisilo lake, na mwenye mitaro aliyechelewesha milioni 4.8 tu. Ni afadhali yaseme wazi kwamba aliyesababisha ndiye anayelipa, na wenzake wakilipa kwa niaba yake anawarudishia.

Lakini maneno hayo hayana nguvu kama mwenye mitaro amefilisika. Kazi ya udongo hulipwa mapema, mitaro mwishoni, na makato hukuta fedha nyingi zimeshatoka. Kwa hiyo wabia makini hukubaliana kuzuia sehemu ya malipo ya kila mmoja hadi kazi ikabidhiwe. Wakizuia asilimia 5, wanakuwa na milioni 30, zinazotosha kulipa yale makato wakati madai yao wenyewe yakiendelea.

Jambo jingine ni akaunti. Malipo yakiingia kwenye akaunti ya mbia kiongozi, benki inayomdai inaweza kuyakata kabla wenzake hawajaona senti. Akaunti ya ubia yenye saini za pande zote huondoa hatari hiyo, na mgawo ufuate kazi iliyopimwa na kuidhinishwa kwenye kila hati ya malipo, wala si asilimia za hisa. Vinginevyo mwenye makalvati anaanza kuchukua fedha kabla hajamwaga zege.